Klomifeni Inavyohamisha Tarehe

Mwanamke aliyezoea kuona hedhi kila baada ya siku 50 au 70, akipewa kwa mara ya kwanza vidonge vya klomifeni, dawa ya kuchochea ovari zitoe yai, huanza kuishi na kalenda. Siku ya 14 anasubiri yai litoke, maana ndivyo alivyofundishwa shuleni. Siku ya 21 anakwenda maabara kutolewa damu. Siku ya 28 anapima mkojo, anaona mstari mmoja. Siku ya 33 damu inakuja, naye anahitimisha kwamba dawa imemkataa.

Huenda dawa ilifanya kazi vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba hesabu zote tatu, ya 14, ya 21 na ya 28, ni za mwanamke mwingine, yule wa kwenye kitabu cha baiolojia. Klomifeni ina hesabu yake, na inaanzia kwenye kidonge cha mwisho.

Ili hilo lieleweke, tuanze na kinachotokea kichwani. Ubongo huchunga kiasi cha estrojeni kwenye damu jinsi boya linavyochunga maji ndani ya tangi la darini. Estrojeni ikipungua, boya linashuka, na ubongo unafungua bomba: unaamuru tezi iliyo chini yake imwage homoni ya FSH, ambayo inakwenda kwenye ovari na kukuza vifuko vya mayai. Kifuko kinapokua kinatoa estrojeni, tangi linajaa, boya linapanda, bomba linafungwa. Klomifeni inalishika boya chini. Inakaa pale ambapo estrojeni ingekaa, ubongo unadhani tangi ni tupu, na FSH inaendelea kumwagika. Kwa mwanamke ambaye ovari zake zimejaa vifuko vidogo visivyokua, hali ile inayoandikwa PCOS kwenye karatasi ya altrasaundi, msukumo huo mara nyingi unatosha kukuza kifuko kimoja mpaka kifike saizi ya kupasuka. Kati ya wanawake 100 wa aina hiyo, 70 hadi 80 hutoa yai wakitumia dawa hii.

Yai halitoki wakati vidonge vikiwa bado vinamezwa. Vidonge huwa vya siku tano tu, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, kuanzia siku ya 2, 3, 4 au 5 ya hedhi kama daktari atakavyopanga. Baada ya hapo kifuko kinaendelea kukua, na yai hutoka siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho, mara nyingine hata siku moja mbili zaidi. Kwa hiyo aliyemeza siku ya 3 hadi ya 7 atarajie yai kati ya siku ya 12 na ya 17. Aliyemeza siku ya 5 hadi ya 9 atarajie kati ya siku ya 14 na ya 19. Ndugu wawili wanaweza kupewa dawa ileile, dozi ileile, mmoja akaona hedhi siku ya 27 na mwingine siku ya 33, na wote wawili mayai yao yakawa yametoka sawasawa.

Sehemu ya pili ya mzunguko haichezi sana. Yai likishatoka, kifuko kilichobaki kinageuka tezi ya muda inayotoa projesteroni, na tezi hiyo inaishi takriban wiki mbili. Mimba isipoingia inanyauka, projesteroni inaanguka, na damu inakuja. Kinachorefusha au kufupisha mwezi, basi, ni ile sehemu ya kwanza, ya kusubiri yai. Anayetaka kujua tarehe ya hedhi yake aongeze siku 14 juu ya siku ya yai.

Tumchukue mtu wa kubuni, tumwite Rehema, mwenye umri wa miaka 29, mkazi wa Tanga. Mumewe amepima mbegu na ziko vizuri, mirija yake imepigwa picha na iko wazi. Hedhi yake ilikuwa haijaonekana kwa siku 60. Daktari alimpima mimba kwanza, akakuta hana, kisha akampa vidonge vya medroksiprojesteroni vya siku 10 ili damu ije. Siku ya nne baada ya kuvimaliza, damu ikaanza. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 2 Juni. Hiyo ndiyo siku ya 1, siku damu ilipotoka ya kuhitaji pedi. Matone ya jana yake hayahesabiwi.

Akameza klomifeni siku ya 5 hadi ya 9, yaani tarehe 6 hadi 10 Juni, kidonge kimoja kila jioni. Dirisha la yai lake, kwa hesabu ya siku 5 hadi 10, likawa tarehe 15 hadi 20. Aliambiwa wakutane na mumewe kila baada ya siku moja kuanzia tarehe 14, bila kungoja dalili yoyote. Ushauri huo ni mzuri kuliko unavyoonekana, kwa sababu dalili ambazo wanawake wengi huzitegemea zinapotoshwa na dawa yenyewe. Ute wa uzazi, ule unaovutika kama ute wa yai bichi, hutengenezwa kwa nguvu ya estrojeni, na klomifeni inaizuia estrojeni pale kwenye shingo ya mfuko wa uzazi pia. Mwanamke anaweza kuwa mkavu kabisa siku yai linapotoka. Asiyejua hilo anaahirisha, na dirisha linampita.

Vijiti vya mkojo vinavyopima LH vina mtego wao. LH ndiyo homoni inayopanda kwa kasi saa 24 hadi 36 hivi kabla ya yai kutoka. Lakini klomifeni, kwa kulishika lile boya, inaipandisha LH pia wakati vidonge vinaendelea na siku chache baadaye. Aliyeanza kupima siku ya 10, kesho tu baada ya kidonge cha mwisho, anaweza kuona mstari mzito ambao hauna yai nyuma yake. Ni vizuri kuacha zipite angalau siku tatu kamili. Wenye PCOS wawe waangalifu zaidi, maana LH ya baadhi yao huwa juu hata bila dawa. Rehema alianza kupima tarehe 14. Kijiti kilibaki hafifu kwa siku tano, kikakolea tarehe 19. Yai, basi, lilitoka karibu tarehe 20, siku ya 19 ya mzunguko wake, mwisho kabisa wa dirisha.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika kidogo. Kwenye karatasi yake ya maabara palikuwa pameandikwa “projesteroni, siku ya 21.” Siku ya 21 ilikuwa tarehe 22 Juni. Alikwenda, akatolewa damu, jibu likaja 1.9, kwa kipimo cha nanogramu kwa mililita. Kipimo hiki hutafuta alama ya ile tezi ya muda: ikizidi 3 yai limetoka, na madaktari wengi hufurahi zaidi wakiona 10 au kupita. Kwa 1.9 jibu la haraka lilikuwa: hujapevusha, mwezi ujao tunaongeza dozi iwe miligramu 100.

Tazama hesabu. Yai lilitoka tarehe 20, damu ikachukuliwa tarehe 22. Tezi ilikuwa na umri wa siku mbili, haijachangamka. Projesteroni hufika kileleni kama siku saba baada ya yai, na jina “siku ya 21” lilitokana na mwanamke anayetoa yai siku ya 14: 14 na 7 ni 21. Kwa Rehema siku yake ilikuwa 19 na 7, yaani siku ya 26, tarehe 27 Juni. Alipimwa damu sahihi siku isiyo sahihi. Katika kliniki ya kina mama nimekuta kosa hili mara nyingi kuliko kosa jingine lolote la dawa hii, na haliwi la mgonjwa peke yake. Karatasi yenyewe imechapwa hivyo.

Dozi kuongezwa bila sababu si jambo dogo. Kidonge cha pili kinaweza kukuza vifuko viwili au vitatu badala ya kimoja, na mapacha, ambao tayari ni kama 7 hadi 10 katika kila mimba 100 za klomifeni, si baraka nyepesi kwa mimba: hupungua uzito, huzaliwa kabla ya wakati. Pia dozi kubwa hukausha zaidi ute na kupunguza unene wa ukuta wa mfuko wa uzazi. Kanuni ni kwamba dozi ndogo iliyotoa yai inarudiwa ileile. Mimba kutoingia mwezi huo hakumaanishi dozi ni ndogo. Hata yai likitoka vizuri, miezi mingi hupita bila mimba, kwa mwenye matatizo na kwa asiye nayo.

Tarehe 29, siku ya 28, Rehema alipima mkojo na kuona mstari mmoja. Zilikuwa siku tisa tangu yai litoke. Hata kama mimba ingekuwa imeingia, ingekuwa ndiyo kwanza inajishikiza, na kijiti cha duka la dawa kisingeiona. Siku ya maana ya kupima ilikuwa tarehe 4 Julai au baada yake. Na kama alikuwa amechomwa sindano ya kuachilia yai, ambayo ni hCG yenyewe, homoni ileile inayotafutwa na kijiti cha mimba, angelazimika kungoja wiki mbili kamili baada ya sindano, la sivyo angeshangilia dawa.

Tarehe 4 Julai damu ilikuja, siku ya 33. Ikaja na chango kali kiunoni, maumivu ambayo hakuwa ameyaona tangu shule ya sekondari. Aliogopa, akadhani dawa imemjeruhi. Ilikuwa kinyume. Hedhi zake za zamani, zile za kila miezi miwili, nyingi zilikuwa damu bila yai: ukuta unanenepa na estrojeni peke yake mpaka unajibomokea ovyo, mara nyingi bila maumivu makubwa, wakati mwingine kwa wingi wa kutisha au kwa matone ya wiki mbili. Yai likitoka, projesteroni inaupanga ukuta, na inapoanguka ukuta unabomoka wote kwa pamoja ukitoa kemikali zinazoufanya mfuko ujikaze. Ndiyo chango. Kwa mwanamke ambaye hakuwa akitoa mayai, tumbo la hedhi la namna hiyo ni ishara mojawapo kwamba mwezi ulikuwa wa kweli. Kibrufeni kidogo wakati damu inatoka kinasaidia. Kabla yai halijatoka, au wakati wa kusubiri mimba, ni bora parasetamoli.

Wingi wa damu unaweza kwenda upande wowote, na hili huwachanganya wengi. Wapo ambao damu inapungua, siku mbili tu na nyepesi, kwa sababu klomifeni imeuzuia ukuta usinenepe. Ukuta ukipimwa kwa altrasaundi karibu na siku ya yai, madaktari hupenda kuona milimita 7 au 8. Ukiwa mwembamba sana mwezi baada ya mwezi, hiyo ni sababu ya kubadili dawa badala ya kuongeza. Sehemu moja ya klomifeni hukaa mwilini muda mrefu, mabaki yake hupatikana hata baada ya wiki sita, kwa hiyo mwezi wa tatu unaweza kuwa mkavu kuliko wa kwanza ingawa dozi haijabadilika. Wapo wengine ambao damu inaongezeka ikilinganishwa na matone waliyoyazoea, kwa sababu ile niliyoieleza ya ukuta kubomoka wote mara moja. Matone machache katikati ya mwezi, karibu na siku ya yai, hutokana na estrojeni kushuka kwa muda. Hayo hayana neno.

Damu ninayoomba isidharauliwe ni ile nyepesi, ya kahawia, inayokuja ikiwa imechelewa, hasa ikiambatana na maumivu ya upande mmoja. Mwanamke anasema “zimekuja kidogo,” anahesabu siku ya 1, anafungua vidonge vipya. Huenda ni mimba, na huenda imejishikiza kwenye mrija. Kabla ya kila duru mpya, damu ikiwa si ya kawaida yake, mkojo upimwe kwanza. Klomifeni haimezwi juu ya mimba.

Maumivu mengine yana ratiba yake pia. Katika siku za vidonge zenyewe, yanayosumbua ni kichwa na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, kama la mama anayekaribia kukoma hedhi. Mwanamke mmoja kati ya kumi hivi huliona. Linatoka palepale kwenye boya: ubongo unadhani estrojeni imekwisha. Joto hilo hupita vidonge vikiisha. Siku za yai, kinena cha upande mmoja huvuta au kuchoma kwa saa chache hadi siku moja, pengine zaidi ya alivyozoea kwa sababu vifuko ni vikubwa au ni viwili. Baada ya yai, tumbo la chini linaweza kujaa na matiti kuuma. Hiyo ni projesteroni, na haisemi kama kuna mimba au hakuna.

Wakati mwingine kifuko hakinyauki kama inavyotakiwa, kinabaki kama uvimbe maji kwenye ovari. Hedhi inaweza kuchelewa, upande mmoja ukawa mzito. Mara nyingi huisha wenyewe, lakini vidonge havianzwi tena mpaka ovari irudi saizi yake, kwa sababu FSH itakikuza kifuko kilekile kilichobaki. Ndiyo maana daktari makini hupiga altrasaundi au kupapasa tumbo kabla ya duru inayofuata. Anayejinunulia mwenyewe kwenye duka la dawa hukosa hatua hii, na hajui kwamba ameikosa.

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, yenye kutapika, yanaweza kuwa ovari iliyojisokota. Tumbo linalovimba siku hadi siku, uzito kupanda ndani ya siku chache, mkojo kupungua, pumzi kuwa fupi: hiyo ni ovari iliyochochewa kupita kiasi. Kwa klomifeni ni nadra, lakini vyote viwili ni vya hospitali usiku huohuo. Na macho yakianza kuona ukungu, vimulimuli au vivuli vinavyobaki baada ya kitu kusogea, dawa inaachwa siku hiyo na hairudiwi tena maishani, hata kama macho yamerudi sawa.

Nimeongea mpaka hapa kana kwamba kila anayemeza ana PCOS. Wengi siyo. Kuna wenye hedhi ya siku 28 kila mwezi, mayai yao yanatoka yenyewe, wanatafuta vidonge hivi “kuongeza nguvu” au kutafuta mapacha. Kwao klomifeni inaweza kusogeza yai siku kadhaa na kuuvuruga mwezi uliokuwa umenyooka, bila faida ya kulingana na bughudha. Utafiti uliofanyika Skotlandi na kuchapishwa 2008 uliwafuata wanawake ambao chanzo cha ugumba wao hakikujulikana: waliopewa klomifeni hawakuzaa zaidi ya walioachwa wakajaribu wenyewe. Haikuwa kwamba dawa ni mbovu. Boya lao halikuwa na tatizo.

Na kwa wenye PCOS, daktari akipendekeza letrozoli badala ya klomifeni, asionekane anabahatisha. Letrozoli inapunguza utengenezaji wa estrojeni kwa siku chache badala ya kulishika boya, inatoka mwilini mapema, na ukuta na ute haviathiriki sana. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2014, waliozaa mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Hesabu ya tarehe ni ileile: kidonge cha mwisho, kisha yai, kisha siku saba za damu ya maabara, kisha siku kumi na nne za hedhi.

Isipotokea yai kabisa, mwezi unarudi ulivyokuwa: siku ya 35 inapita, ya 40, hakuna damu na hakuna mimba. Huyo ndiye dozi yake inapandishwa, au dawa yake inabadilishwa. Na zikifika duru sita za mayai kutoka bila mimba, kuendelea na vidonge ni kupoteza muda.

Rehema alirudi kliniki na daftari lake. Alikuwa ameandika kila kitu: tarehe ya damu, ya vidonge, ya mstari kukolea, ya kutolewa damu. Daktari aliliangalia ukurasa mmoja, akachukua kalamu, akafuta miligramu 100 na kurudisha 50. Julai alimeza tarehe 8 hadi 12. Kijiti kilikolea tarehe 20, siku moja mapema kuliko mwezi uliopita kwa hesabu ya mzunguko. Karatasi ya maabara haikuandikwa siku ya 21 tena. Iliandikwa tarehe 28 Julai, na projesteroni ikasoma 14.